Ubeti wa Wafugaji

Harufu ya nyasi zinazoungua ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Mwezi wa Novemba bonde lote la Kilombero lilikuwa linachomwa kabla ya mvua, na majivu yalikuja na upepo yakatua kwenye madirisha ya shule yetu, kwenye nywele zetu, hata kwenye uji. Nilikuwa darasa la tano, miaka ya tisini, na kila saa nane mchana kwaya ilibaki shuleni kufanya mazoezi ya sikukuu ya Uhuru. Tulikuwa tukifungua midomo kuimba, majivu yanaingia. Mwalimu Beata, mwalimu wetu wa kwaya, alisema tuteme pembeni tuendelee. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Yule mama alijua kazi yake, hilo simnyang'anyi. Alichora noti za do-re-mi ubaoni kwa herufi, akatugawa sauti: wasichana wadogo ya kwanza, wakubwa ya pili, wavulana wa darasa la saba besi. Sauti ya kuanzia aliitoa kooni kwake. Alitufundisha wimbo wa kuingilia uwanjani, wimbo wenyewe, na wa kutokea. Maneno alitunga yeye, na alikuwa na masharti. Hatumtukani mkoloni, maana ameshaondoka. Hatutaji damu wala adui. Tunataja tulichopata na nani anakitunza. Wavulana wa besi walipopandisha kelele ili waonekane wazalendo, aligonga meza kwa rula. "Nani kawaambia nchi ni kiziwi? Imbeni!"

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuitana, na kiongozi nilikuwa mimi. Nilianza peke yangu: "Nani analima bonde letu?" Mtoto mmoja anatoka mstarini hatua tatu na jembe begani, anajibu, "Ni mimi hapa." Kwaya nzima inapokea kwa sauti zote tatu: "Ni ndugu yetu, taifa moja." Halafu mvuvi na wavu wake, halafu mfugaji, halafu mkata miwa. Wakimaliza kutoka wote, wanashikana mikono mbele, tunaimba ubeti wa ahadi. Tuni ni ile ile kila ubeti, kwa hiyo kwaya ilinisubiri mimi tu. Nikimwita mvuvi, wanapokea mvuvi. Ngoma yenyewe ilikaa kimya mpaka nitaje.

Mfugaji alikuwa Kabula, rafiki yangu, Msukuma ambaye familia yake ilihamia ng'ambo ya mashamba yetu na ng'ombe wao mwaka mmoja kabla. Alikuja na fimbo ya baba yake na kibuyu cha maziwa kilichong'arishwa kwa mafuta. Wenzetu walimtania, "Kabula, leo umewaacha na nani wadogo zako wenye mikia?" Naye alijibu, "Nimewaacha na mama yako, anawafundisha kula." Tulicheka mpaka mwalimu akatutoa nje. Alikuwa na "Ni mimi hapa" nzuri kuliko wote. Aliitamka taratibu, kama mtu anayekuonyesha mlango wa kwao.

Mwaka ule, kabla ya mavuno, ng'ombe waliingia kwenye mpunga huko njia ya Mofu. Ng'ombe wa nani, sikujua, na hakuna aliyeuliza. Shamba la baba lilikuwa mojawapo. Hata Novemba wanaume bado walikutana nyuma ya nyumba yetu mchana kweupe, wakinoa mapanga ambayo hayakuwa na kazi, maana mavuno yalishapita zamani. Mama alituambia tusipite upande ule. Nilipita. Walinigeukia wote kwa pamoja, na mmoja akamwuliza baba, "Huyu ndiye anayeimba na watoto wao?"

Zilipobaki siku nne, wazee wawili wa kamati ya sherehe walikuja kusikiliza wimbo, kama ilivyokuwa kawaida: kamati ilipitisha maneno kwanza. Walisikiliza mpaka mwisho, wakapiga makofi, kisha wakasema ubeti wa wafugaji utoke. "Mwalimu, siku ile ni ya amani. Ukiwataja hao mbele ya wakulima, watu watazomea. Tunataka wimbo usio na shari." Mwalimu Beata, aliyetugongea meza kila siku, alichukua dasta akaufuta ubaoni. Akamwambia Kabula asimame tu mstarini na wenzake, aimbe sauti ya pili.

Tulipotoka, Kabula alinishika mkono wa gauni. "Wewe ndiye unaanzisha," alisema. "Ukiniita, watapokea. Watafanyaje?" Alikuwa anasema kweli. Nikamwambia nitamwita. Nilisema haraka, kwa raha, na siku ile niliamini. Jioni wakati wa kula baba aliniuliza wimbo unaendaje, nikamwambia. Alimega ugali, akautazama. "Nitakaa mbele kabisa," alisema. "Nitakusikiliza vizuri."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imejikusanya juu ya milima lakini hainyeshi. Bendera ya uwanjani ilining'inia bila upepo. Tuliingia kwa wimbo wa kuingilia, tukamwinamia mgeni rasmi, tukajipanga nusu duara. Wakulima walikaa upande mmoja. Wafugaji walisimama mbali karibu na magoli, wachache, wakiwa na fimbo zao. Kati yao na watu wengine paliachwa nafasi ya kupita lori, na watoto hawakucheza pale. Niliita mkulima, baba akatabasamu. Niliita mvuvi. Kisha ngoma ikanyamaza, kwaya ikanisubiri, na nikamwona Kabula ameshainua mguu. Fimbo aliificha nyuma ya mgongo, sasa ameitoa. Baba hakuwa anatabasamu tena.

Nikaimba, "Nani anakata miwa yetu?"

Kabula alikuwa ameshatoka hatua moja. Alisimama pale peke yake, na mtu fulani kwenye kundi la wakulima akapiga mluzi ule wa kurudisha ng'ombe. Watu wakacheka, hata mabibi. Akarudi mstarini kinyumenyume. Mgeni rasmi alisifu wimbo wetu, kwamba una umoja na hauna shari. Baba alininunulia soda, na niliinywa yote.

Kabla ya Krismasi kina Kabula waliondolewa. Nilisikia kelele kutoka ng'ambo ya mashamba adhuhuri, na baba hakuwepo nyumbani. Januari mwalimu aliita jina lake kwenye mahudhurio mara moja, akasubiri, akapiga mstari. Baba hakuniambia alikuwa wapi mchana ule, na amekufa bila kuniambia.

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto mwenye sauti, na kwaya nzima ilikuwa inanifuata. Nina hasira na wale wazee zaidi, waliolifanya neno amani kuwa dasta. Siku hizi Ifakara, mji wa bonde letu, ina lami na daraja, na watoto wanaimbishwa kwa spika na simu ya mwalimu. Mwaka jana binti yangu wa darasa la tatu alirudi akasema yeye ndiye kiongozi wa kwaya ya Uhuru, ila watoto watatu wa kambi ya wafugaji wameambiwa wakae darasani siku hiyo, ili wazazi wasije wakagombana uwanjani. Alinisimulia huku anaruka kwa furaha. Nilifunga kanga nikaenda shuleni naye, na mdogo wake mgongoni.

Mwalimu alikuwa kijana mpole. "Mama, ni wimbo wa amani tu," alisema. "Tusiufanye kuwa jambo."

Nikamwambia sitoki ofisini mpaka hao watatu waingie mstarini mbele ya macho yangu. Akacheka kidogo, akaona sicheki. Binti yangu alianza kulia, akasema ninamwaibisha. Nikamwambia alie, lakini asimame pale pale asikie.