Kijiti cha Mama Kinya

Fundi Muchangi alipanda mlima wa Kibugu kwa miguu, magoti yakimuuma, kwa sababu mashine ya Mama Kinya ya kukatia ng'ombe majani ilikuwa "imezeeka". Alikuwa amechoshwa na neno hilo. Kila mota inayogoma, watu husema imezeeka.

Fundi alipofika, Mama Kinya aliiwasha. Mota ikanguruma papo hapo bila kuzunguka. Akasukuma gurudumu kwa kijiti, nayo ikashika kasi.

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Mwaka mzima, Baba. Imezeeka kama mimi."

"Zima," fundi alisema kwa ukali. "Itakukata mkono."

Mota inayozunguka ikisukumwa ni nzima. Kilichokufa ni kile kinachoipa msukumo wa kwanza, yaani kapasita au swichi yake ya ndani. Akachomoa plagi, akagusisha nyaya za balbu aliyokuja nayo kwenye miguu ya kapasita ili kumaliza umeme uliobaki, kisha akaichomoa na kuipima kwa mita ya mshale, upande wa omu, wa kupimia ukinzani. Kapasita nzima huurusha mshale, kisha mshale hurudi polepole. Huu ulilala tu. Akageuza nyaya, ukalala tena: kapasita ndiyo iliyokufa.

Akatoa nyingine mpya mkobani, yenye namba zile zile, akaifunga.

Mama Kinya akawasha, kijiti mkononi. Mota ikaanza kuzunguka yenyewe.

"Kumbe si uzee," alisema, akakivunja kijiti kwenye goti na kukitia jikoni, chini ya sufuria ya chai ya fundi.