Nyavu Mbili, Kamba Moja

Bwawani kwetu wananiita mama mkorofi, na sikatai. Mtu akiniletea wavu wa macho madogo nimfungie kamba, namrudishia mikononi kwake na kumwambia akachekechee unga. Wengine hucheka. Wengine huenda kunisema kwa mwenyekiti wa kamati ya bwawa, mzee mmoja mpole ambaye kila mara hunijia na salamu ndefu kuliko maneno aliyotumwa.

Mimi sivui. Kazi yangu ni kuvisha nyavu. Mvuvi akinunua wavu dukani hupewa kama kitambaa tu, hauna kamba wala kitu. Ananiletea, namfungia kamba ya juu yenye vipande vya ndala ili ielee, na kamba ya chini yenye vijiwe ili izame, halafu wavu unasimama majini kama ukuta. Ukitoboka naushona. Nilijifunzia kwa babu, aliyekuja Korogwe kukata mkonge na akabaki na vidole vinavyojua kusokota kila kitu. Kiwanda cha mkonge kilikufa zamani. Bwawa lililochimbwa kukipa maji halikufa, na sisi wajukuu tunakula humo.

Ila karibu tulimalize. Kuna miaka wavuvi wetu walitumia nyavu ambazo hata vidole viwili huviingizi kwenye jicho. Perege wakawa wanapungua ukubwa kila masika, mpaka tukawa tunanunua watoto wa perege kwa kisado. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunakaanga samaki na kwenda kuuza kwenye mabasi Segera. Samaki wale ukiwatia kwenye mafuta wanakauka, abiria anakuuliza kama ni bisi. Niliona aibu, halafu aibu ikageuka hasira.

Basi tukaamua kuwauliza samaki wenyewe. Kila tulipopasua perege jike tulimtazama tumboni. Wale wadogo wa kiganja hawakuwa na kitu. Mayai yaliyokomaa tulianza kuyaona kwa wale wanaofika kuanzia kwenye kifundo cha mkono wangu hadi ncha ya kidole cha kati. Hapo nikachukua uzi, nikamzungushia samaki wa namna hiyo pale mwili wake unapokuwa mnene kuliko kwingine, nikaukata, nikaukunja katikati. Uzi ule uliokunjwa ndio jicho la wavu linapovutwa likanyooka, fundo kwa fundo. Samaki akiwa mwembamba kuliko jicho, anapenya na kwenda zake. Akiwa mnene kulizidi kidogo, kichwa kinaingia, mwili unagoma, na mapezi yanamkatalia kurudi nyuma. Tulipima wengi, na kila uzi ulipita inchi tatu kidogo. Kwa hiyo inchi tatu ingemwacha mtoto apite na kumkamata aliyekwisha kufikia kuzaa.

Nilichonga kibao cha upana wa inchi tatu na kukipeleka mkutanoni. Walibishana siku nzima, lakini walikubali. Jicho likivutwa, kibao kipite bila kulazimishwa. Atakayekutwa na wavu unaokataa kibao, wavu unachukuliwa na yeye hagusi maji masika nzima. Mimi, kwa ukali wangu, nikasimama na kuongeza: na aliyemvishia wavu huo naye aweke sindano chini masika nzima. Walinipigia makofi. Nilijiona mtu.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Nyavu zilitoka majini nyeupe, samaki wanne, watano, basi. Wake za wavuvi walinikatia salamu. Mwaka wa pili perege walianza kurudi, na mimi nikaanza kusalimiwa tena.

Ndipo kaka yangu akaja. Ni mkubwa kwangu kwa miaka sita. Ndiye aliyenilea mama alipougua na kurudishwa kwao Sindeni, na kama nina jino mdomoni ni kwa sababu yake. Alikuja na nyavu mbili mpya, zote inchi tatu. Nilizipima, nikamsifu.

"Zifunge pamoja, mdogo wangu," akasema. "Kamba moja, nyavu mbili."

"Za nini mbili?"

"Kambale wananichania. Nataka kitu kigumu."

Ni kweli kambale wanachana. Akijisokota mle, unaokota matambara. Sikuuliza tena. Nililaza wavu mmoja juu ya mwenzake, nikazivisha pamoja juu na chini, siku mbili nzima, na mkono wangu ukiwa mwepesi kwa sababu namfanyia kaka. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa sindano yangu mwenyewe.

Masika ikaisha. Nikaanza kuona samaki wadogo gengeni, wale wale wa kiganja. Nilipouliza niliambiwa ni wa kaka yangu. Mkaguzi wa kamati akaenda asubuhi wavu ukiwa bado umelowa, akavuta jicho, akatia kibao, kikapita. Akajaribu jingine, kikapita. Akarudi amechanganyikiwa. Maneno yakaanza: kibao cha yule mama ni uongo. Wengine wakasema samaki wa humu wamedumaa, hawakui tena, sasa tunawaachia nani? Ukaitishwa mkutano wa kushusha kipimo hadi inchi mbili. Wenye nyavu za zamani walikuwa wameshazitoa darini kuzianika.

Siku moja kabla ya mkutano nilinunua samaki sita wa kaka yangu. Nikampima mmoja kwa uzi. Nikakunja. Haukufika hata inchi mbili na nusu. Nikachukua kipande cha wavu wa inchi tatu kilichobaki kwenye kapu langu, nikampitisha. Alipita mzima mzima, na nafasi ikabaki. Nikawapitisha wote sita. Wote walipita.

Nilikaa chini palepale jikoni. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Nyavu mbili zikilala pamoja macho hayakai sawasawa. Uzi wa huyu unakatiza katikati ya jicho la yule. Kila wavu peke yake ni inchi tatu, na kibao kikiingia kinaingia kwenye mmoja; zikilowa zinagandana, mkaguzi anaona wavu mmoja. Samaki yeye sharti apite kwenye zote mbili. Nilikuwa nimemjengea kaka yangu kichekecheo, tena kwa sifa.

Sitadanganya kwamba nilikuwa jasiri usiku ule. Nilifikiria kunyamaza. Masika nzima bila sindano ni masika nzima ya kuomba unga kwa majirani, na huyo ni kaka. Lakini kila nilipofumba macho niliona zile nyavu za zamani zinaanikwa, na watu wanazikung'uta vumbi kwa furaha. Nilikasirika. Kulipopambazuka nilikuwa bado nimekasirika, na hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Mkutano ulikaa chini ya paa la kiwanda cha zamani. Nilimwamkia mwenyekiti, akaniitikia marahaba na kuniomba nisiwe mkali leo. Nikamwambia sijui kuwa kitu kingine. Niliomba wavu wa kaka yangu uletwe, kwa kuwa ndio ulioleta maneno yote. Ukaletwa umekauka. Kaka alikuwa amekaa mstari wa mbele, ananitazama, hajui bado.

Nikamtoa samaki mmoja wa wale sita kwenye ndoo niliyokuja nayo. "Huyu katoka kwenye wavu huu. Mnakubali?"

Wakakubali. Nikatenganisha nyavu kwa vidole, nikashika mmoja tu, nikampitisha samaki. Akadondoka upande wa pili, chini kwenye vumbi.

"Kapita," nikasema. "Sasa nani alimshika?"

Nikamwokota, nikaziacha nyavu zilale pamoja, nikamsukuma tena. Kichwa kiliingia, mwili ukagoma. Nikaachia mkono, akabaki ananing'inia pale. Mwenyekiti aliinuka kitini akaja kushika mwenyewe, akampitisha kwa mmoja, akamtia kwa mbili, mara tatu, kama mtu asiyeyaamini macho yake.

"Kibao hakina uongo," nikasema. "Samaki hawajadumaa. Ni nyavu mbili kwenye kamba moja. Na aliyezifunga ni mimi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Kaka yangu alishasimama.

"Unanivua nguo mbele za watu?" akaniuliza. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mficha uchi hazai, kaka," nikamjibu. "Na hawa samaki nao hawazai, unawakamata kabla."

Niliumia kulisema na nililisema hivyo hivyo. Aliokota kofia yake akaondoka bila kuutazama wavu. Hoja ya inchi mbili hakuna aliyeinyanyua tena. Waliongeza kwenye kanuni yetu kwamba wavu ni mmoja kwa kamba, na mkaguzi atenganishe kwa vidole kabla ya kutia kibao, ukiwa mkavu.

Kisha mwenyekiti akakohoa. Alisema kwa kuwa nimesema ukweli mwenyewe, na kwa kuwa sikujua, adhabu ya sindano wanaweza kuisamehe. Watu wakaguna kukubali. Nikamwambia hapana. Ile kanuni niliiweka mimi, na makofi niliyapokea. Nikichomoka leo, kesho kila fundi atasema hakujua. Nikachomoa sindano yangu ya mti kwenye kitenge, nikaiweka mezani kwake.

Masika iliyofuata nililima mahindi kwenye shamba la watu upande wa Lutindi, kwenye mlima, na mgongo wangu ulinitukana kila jioni. Kaka naye hakugusa maji. Hatukusemeshana. Tulipokutana msibani nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama pembeni. Waliosema nitaomba radhi walisubiri sana. Ningeomba radhi ya nini? Ya kumfungia nilikwishailipa. Ya kusema ukweli sikuwa nadaiwa.

Adhabu ilipoisha mwenyekiti alinirudishia sindano. Wiki ya pili yake, asubuhi, nilimkuta kaka mlangoni. Nilimpa kiti, hakukitaka. Alikuwa na wavu mmoja begani, umeshavishwa tayari, mafundo yake yamekaa ovyo, vipande vya ndala vimepangwa vibaya. Alikuwa ameuvisha mwenyewe kuliko kuniletea mimi. Mkononi alikuwa amemshika perege mmoja.

"Pima," akasema.

Nikachukua uzi, nikamzungushia samaki, nikakata, nikaukunja. Nikauweka kwenye kibao. Ulikipita kwa kipande cha kucha.

Aliutazama uzi muda mrefu. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Kisha akaushusha wavu begani, akautupa miguuni pangu.

"Umefungwa vibaya," akasema. "Ufumue."

Nikakaa chini, nikaanza kufumua mafundo ya kaka yangu, moja baada ya jingine. Yalikuwa mabaya kweli, na nilimwambia.