Mustari wa Mwisho wa Gasore

Asubuhi ile tulikuwa tunawapa ng'ombe chumvi. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, kule kwetu milimani, Kivu ya Kusini. Rafiki yangu Gasore alimwaga maji ya chumvi kwenye birika la udongo, mimi nikazuia madume yasisukumane. Kazi ilipoisha vijana wakaanza kujigamba, kama desturi.

Mimi shule nilikaa miaka mbili tu, lakini jambo hili nalijua kuliko mwalimu yeyote. Kwetu linaitwa icyivugo. Mtu anasimama wima, fimbo au mukuki mukononi, kidevu juu. Anaanza na jina lake la sifa, halafu anamwaga mistari mbio mbio kwa pumzi moja. Akikata pumzi katikati, watu wanacheka na anakaa chini. Na kila tendo lazima litajwe na fasi lilipotendeka na mwenzako aliyekuwepo. Yule mwenzako akiwa pale anaitikia, "Nilikuwepo!" na watu wote wanaunguruma, "Eee!" Tendo lisilo na shahidi halisemwi. Mtu anaweza kuongeza chumvi: chui mumoja akawa mukubwa kama nyati, hakuna shida. Lakini chui lazima awe alikuwepo.

Gasore alisimama. Jina lake la sifa lilikuwa Rudahunga, maana yake asiyekimbia.

*Mimi Rudahunga, kishindo hakinigeuzi!*
*Chui alinguruma zizini, nikamungurumia chui;*
*pale Kagogo, na Yeremia mugongoni kwangu,*
*nilimukamata shingo kama mutu anakamata ndama,*
*akasahau meno yake, akakumbuka mama yake!*

"Nilikuwepo!" Yeremia akapaza sauti. "Na ni mimi nilikimbia wa kwanza!"

Tulicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutuangalia.

Jua lilikuwa halijafika katikati tuliposikia risasi upande wa bonde: vita vilikuwa vimefika kwetu.

Tukakimbia.

Mutoni maji yalifika kifuani. Gasore alivusha watu mugongoni, anaenda, anarudi. Mimi nilimubeba mama yake, Mama Eseri. Tulipofika ng'ambo nikamwambia Gasore, "Basi, twende."

"Wazee wako kanisani," akasema. "Hawawezi kutembea. Baba yuko pale."

"Utafanya nini na mukuki mbele ya bunduki?"

"Weye peleka mama."

Akaingia majini tena.

Sikumuona tena.

Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, tulifika kwa miguu na kwa malori, mimi na Mama Eseri, baada ya miezi ambayo sitaieleza hapa. Nilianza na jembe moja. Nikauza maziwa, nikauza maharagwe, nikafika mpaka kununua ng'ombe pale Masha kwa wenyeji na kuwauza Mbarara. Sikusaidiwa na mtu. Nyumba yangu ina bati, na niliijenga kwa mikono hii.

Kila harusi ya watu wetu pale kambini, Mama Eseri alikuwa ananiita: "Baba Elia, niletee mwanangu." Maana yake nisimame, nimuseme Gasore. Nilimusema chui. Nilisema muto na watu kumi na mumoja aliowavusha, na mashahidi waliitikia, maana wengine walivushwa mugongoni mwake. Halafu nilinyamaza, kwa sababu baada ya muto hakuna aliyeona. Mama alikuwa anainua uso, anangoja. Miaka mingi alingoja mustari ule wa mwisho. Hakuuliza kama mwanawe alikufa. Aliuliza alikufaje.

Nikakosea. Siku moja, kwenye harusi ya mutoto wa mushemasi wetu, watu walikuwa wengi na sauti yangu ilikuwa nzuri. Pumzi ilikuwa bado iko. Nikaongeza:

*Mulangoni pa kanisa, na Yeremia kushoto kwake,*
*alisimama kama mwamba, mikuki ikaruka,*
*watano wakalala, wa sita akalia!*

Nilimutaja Yeremia kwa sababu tuliambiwa amekufa. Maiti haikatai.

Watu waliunguruma, "Eee!" Mama Eseri akasimama, na fimbo yake.

"Nani aliona?"

Watu wakanigeukia.

"Baba Elia, nakuuliza. Nani aliona?"

"Mama, ni sifa tu..."

"Unanipa mutoto wa kutengeneza. Mimi nilizaa wa kweli."

Akatoka. Nilikaa chini mbele ya bibi harusi kama mutu aliyekatika pumzi. Tangu siku ile Mama Eseri hakuniita tena. Nikipita kwake ananisalimu vizuri, ananipa kiti, na jina la Gasore halitajwi. Heri angenitukana.

Miaka ilipita. Mwaka mumoja nilikuwa Ruti, pale Mbarara kwenye njia ya Kabale, nauza madume mawili. Fundi wa baiskeli aliinua kichwa toka kwenye gurudumu.

"Weye bado unaringa tu," akasema.

Alikuwa Yeremia. Alikuwa na mvi na jino moja limepotea. Nilimushika mabega, nikalia mbele ya Wanyankole wote wa Ruti, na sioni haya.

Tulikaa kwenye benchi yake. Nikamuuliza kuhusu kanisa. Alifuta mikono kwa tambara kwa muda mrefu.

"Alifika," akasema. "Wazee walikuwa wanane, na mimi nilikuwa nimejificha mule na muguu umevunjika. Bunduki zilikuwa karibu. Wazee walitetemeka, wengine walilia. Gasore akaweka mukuki chini."

"Chini?"

"Chini. Akakaa katikati yao. Akaanza kuwasema. Kila muzee na majigambo yake ya ujana, yale unayajua, ng'ombe waliowaokoa, mito waliyovuka. Kwa sauti yote. Na wazee wakaanza kuitikia, 'Nilikuwepo! Nilikuwepo!' Wakaacha kutetemeka. Wale wa bunduki wakavutwa wote mbele na kelele ile, nyuma kukabaki wazi. Mimi aliniashiria kwa kichwa nitoke dirisha la nyuma. Nilijikokota ndani ya mahindi. Nilimusikia mpaka mwisho."

"Hakupigana?"

"Baba Elia, hakupigana."

Nasema ukweli: nilikasirika. Nilitaka watano walale. Sifa ya mutu aliyekaa chini inasemwaje? Kwetu hakuna.

Lakini nilimuchukua Yeremia mpaka Nakivale. Mama Eseri alikuwa amelala, kifua kimemushika. Nikasimama mulangoni pake mchana, fimbo mukononi. Mistari nilikuwa nimeitafuta njia nzima.

*Rudahunga, kishindo hakikumugeuza!*
*Pale kanisani, na Yeremia chini ya dirisha,*
*aliweka mukuki, akachukua ulimi;*
*wazee wanane aliwarudishia ujana,*
*wakavuka wakiitika, hakuna aliyevuka akitetemeka!*

"Nilikuwepo," Yeremia akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alikaa kitako. Alimwangalia Yeremia sana.

"Majigambo ya baba yake aliyasema?"

"Alianza na yake, mama."

"Alikosea ule mustari wa muto? Kila siku alikuwa anakosea pale."

"Alikosea. Muzee wake akamurekebisha."

Alicheka, huku machozi yanashuka. Halafu akasema, "Rudia." Nikarudia mara tatu. Alizikwa kabla ya mahindi kukomaa.

Sasa ni elfu mbili na kumi na tano, mimi muzee. Vijana wananiomba niwafundishe mustari ule, wanasema ni muzuri kuliko yote niliyotunga. Ni kweli, ni muzuri, sitajifanya. Nawafundisha. Lakini mutu akiniuliza, ningeutoa wote leo, na jina langu juu yake, Gasore awe hapa kando yangu, mutu wa kawaida, ameota tumbo, analalamika magoti, na hakuna harusi hata moja inayomutaja.