Mlezi Tuliyemzawadia Chaneli

Kuna watu hapa Usagara wanasema nilimdhalilisha mlezi wa kikundi chetu mbele za watu. Sikumdhalilisha. Nilimtoa kwenye chaneli yangu, na akirudi leo nitamtoa tena, maana kutoa mtu nimeshajua ni kubonyeza wapi.

Chaneli ni ya mapishi. Ilianza Mkwaja, kwa dada yangu mkubwa, ambaye sasa ni marehemu. Mjukuu wangu wa kike alikwenda kumsalimia na simu yake mpya, akamkuta jikoni anasonga bada. Asiyeijua bada aambiwe: ni ugali wa unga wa muhogo, mweusi, wa kuvutika, na ukiupata na mchuzi wa papa hutamtaka mtu akusemeshe. Mjukuu akamrekodi, akaiweka mtandaoni. Moshi umejaa jiko zima, dada anakohoa, anatukana kuni mbichi, huku mwiko haupumziki. Ile video watu waliitazama, wakaandika chini yake kwamba wamewakumbuka mama zao. Akamrekodi tena, na tena, mpaka dada mwenyewe akawa anauliza, "Leo hamji kunipiga picha?"

Mimi nina kikundi cha akina mama wapishi wa shughuli. Arusi, hitima, maulidi, tunaitwa. Mjukuu akasema tufungue akaunti ya chaneli kwa jina la kikundi, na zile video za dada ziingie humo. Akaifungua kwa barua pepe yangu mimi na namba ya simu yangu mimi, na neno la siri nikalichagua mwenyewe, nikamfukuza chumbani wakati nikiliandika. Kusoma nasoma, ingawa polepole. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini herufi sikuziacha.

"Bibi," akaniambia, "wewe ndiye mmiliki mkuu. Neno la siri usimpe mtu, hata mimi. Kila mtu ataingia kwa barua pepe yake, na tutampa cheo chake humo ndani."

Akanieleza. Meneja anaweka video na kujibu wanaoandika, lakini hawezi kumwingiza mtu wala kumtoa. Mmiliki yuko juu yake, anaweza kuwaingiza watu na kuwatoa. Na juu ya wote yuko mmiliki mkuu, mmoja tu, ambaye hao wengine hawawezi kumtoa. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Jiko la shughuli ndivyo lilivyo. Yuko wa kumenya vitunguu, yuko wa kusimamia moto, na yuko mmoja tu wa kusema pilau ipakuliwe. Siku akipakua kila mtu kwa wakati wake, wageni wanakula mchele mbichi.

Basi akina mama wenye barua pepe wakaingizwa kuwa mameneja, na mjukuu naye meneja. Tukaenda hivyo vizuri tu. Dada akafariki, Mungu amrehemu, na kilichobaki cha sura yake na sauti yake ni zile video. Kabla ya video hizo picha alikuwa hapendi. Hakuna hata moja ukutani.

Sasa, kwetu kikundi bila mlezi watu wanakiona hakijakamilika. Lazima apatikane mtu mwenye nafasi yake, awekwe kiti cha mbele, aseme yuko pamoja na akina mama. Mwenyekiti wetu akatupatia mmoja, mfanyabiashara, mtu wa maneno laini, ana nguo safi na harufu ya udi. Ukimwona anakuamkia shikamoo, unasema huyu kalelewa. Siku ya kumkaribisha tulipika, tukapamba, akaja na wapambe wake. Desturi ni mlezi hupewa zawadi, na sisi tulikuwa tumemshonea kanzu. Imekunjwa vizuri, iko kwenye sinia.

Mwenyekiti akashika kipaza sauti. Sijui alipandwa na nini. Akasema kanzu ni ndogo kwa mtu mkubwa kama huyu, kwa hiyo kikundi kinamkabidhi mlezi na chaneli yake, iwe chini ya mkono wake kuanzia leo. Vigelegele vikapigwa. Hakuwa amemuuliza mtu. Na kwetu, zawadi ikishatangazwa kwenye kipaza sauti mgeni akiwa amekaa, nani atasimama aseme rudisha? Mjukuu alinitazama. Mimi nilikuwa natazama sinia.

Palepale wakamwita mjukuu amwingize. Akachukua barua pepe ya mlezi, mimi nikaandika neno langu la siri, mwaliko ukatumwa, mlezi akaukubali kwenye simu yake. Akawa mmiliki. Walipotaka abadilishwe awe mmiliki mkuu, ikakataa. Ilisema lazima kwanza akae kwenye umiliki wa kawaida siku saba. Mwenyekiti akatangaza kwamba wiki ijayo tutakutana tena, tukamilishe. Watu wakacheka, wakala, wakaondoka.

Nasema mpaka leo, zile siku saba ndizo zilizoniokoa.

Haikupita muda, akina mama wakaanza kunipigia. Huyu anasema akifungua chaneli haimpi nafasi ya kuweka kitu, yule anasema jina la chaneli halimtokei tena. Mlezi alikuwa amewatoa mameneja wote, na mjukuu wangu akiwemo, akawaingiza vijana wawili wa ofisini kwake. Mimi tu alishindwa kunitoa. Kisha mjukuu akaja kwangu, uso umemsawijika, akaniambia nifungue simu yangu. Video za dada hazipo.

Nilikaa chini. Mtu akikwambia maiti wako kahamishwa kaburi utakaaje?

"Hazijafutwa, bibi," akasema. "Wameziweka ziwe za siri, watu wasizione. Tazama, wewe unaziona humu ndani. Lakini wakizifuta hazirudi."

Nikampigia mlezi. Nikamwamkua kwa upole, nikamuuliza. Alinijibu vizuri sana, kwa adabu zote. Alisema amepata watu wa kudhamini chaneli, na watu wa aina hiyo hawataki kuona moshi na matusi. Bada, alisema, ni chakula cha shida. Tutapika biriani, kwenye jiko la gesi, kwa taa nzuri. Zile za zamani atasubiri tukabidhiane rasmi, kisha vijana watazisafisha.

"Kuzisafisha ndiyo kuzifuta?" nikamuuliza.

"Ndiyo, bibi yangu. Tunaanza upya."

Nikamwambia haya, tutaonana siku hiyo. Sikugombana naye kwenye simu. Simu unaweza kukatiwa.

Mjukuu alitaka tumtoe usiku uleule. Nikakataa. Alikabidhiwa mbele za watu, kwa vigelegele; nikimtoa kwa kujificha nitaonekana mwizi wa kitu changu mwenyewe. Na kama angefuta kabla? Mjukuu akasema tuwahi basi kuzishusha, kila moja ibaki kwenye simu na nakala nyingine mahali pengine. Tukazishusha. Lakini nakala kwenye simu yangu haiandikiwi na watu kwamba wamewakumbuka mama zao. Nilitaka dada arudi alipokuwa.

Siku ikafika. Viti vilevile, kipaza sauti kilekile. Mlezi amevaa kanzu yetu, imemkaa, sikatai. Mwenyekiti akasema sasa bibi atabonyeza, tukamilishe. Mjukuu akanipa simu, nikaandika neno la siri, nikafika pale penye majina. Jina langu juu, mmiliki mkuu. La mlezi chini yake, mmiliki. Pembeni ya jina lake kuna mahali pa kumpandisha, na kuna alama ya msalaba mdogo, kama mkasi uliofunguliwa, ya kumtoa. Vitu hivyo viwili viko jirani kabisa.

Nikaomba kipaza sauti.

Nikasema, "Mlezi, mwanangu, nakuuliza mbele ya watu hawa. Video za marehemu dada yangu utazirudisha?"

Akatabasamu. Akasema mambo ya kiufundi tuyaache, tutayazungumza baadaye ofisini.

"Mimi ofisi yangu ni hapa."

Mwenyekiti akanivuta kanga. Akaninong'oneza, "Mama, unatuaibisha. Mgeni huyu."

"Mgeni haingii jikoni akatoa wapishi," nikamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, kila mtu akasikia. Wale mameneja waliotolewa wakaguna. Mmoja, Mbondei mmoja wa Muheza mwenye mdomo kama mimi, akasema kwa sauti kwamba yeye aliondolewa hata kwaheri hakuambiwa, na kanzu alishona yeye.

Mlezi akasimama. Akasema yeye hakuomba, alipewa. Hapo alisema kweli, na nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Ulipewa na asiyekuwa nacho. Kanzu ni yako, vaa. Chaneli haikuwa ya kupewa."

Nikabonyeza. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Kisha vijana wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Mjukuu alikuwa ameniuliza nyumbani kwa nini nisimshushe tu mlezi awe meneja, ili heshima ibaki. Nikamuuliza, meneja hawezi kufuta video? Akasema anaweza. Nikasema basi heshima tutampa kwa chakula.

Na chakula tulimpa, akakataa, akaondoka na watu wake. Wadhamini sikuwaona mpaka leo. Mwenyekiti hakuniongelesha muda mrefu. Tukikutana sokoni alikuwa anachagua nyanya kwa bidii kubwa. Alihama kikundi, na wengine wakahama pamoja naye. Shughuli zetu zimepungua, sitasema uongo.

Jioni ile mjukuu nilimwingiza tena, lakini safari hii awe mmiliki, maana alisema barua pepe ya mzee mmoja peke yake ni hatari, simu ikipotea au mwenyewe akipotea.

"Mke mwenzangu," akanitania, "basi nipe ukuu kabisa, nishachoka kutumwa."

"Ukuu utaungoja," nikamwambia. "Mimi sijafa."

Akacheka, akazifungua video za dada, moja baada ya moja, ziwe za watu wote. Yule Mbondei wa Muheza na wengine tuliwapa umeneja wao. Mwenyekiti alirudi mwisho wa Ramadhani, na sahani ya futari mkononi, akaniuliza kwa kujikohoza kama na yeye anaweza kurudishwa. Nikamwambia atume barua pepe yake. Ilipomjia mwaliko akasoma, akainua macho.

"Meneja tu?"

"Meneja," nikasema. "Ingia, kaa ule."