Meza Zilizogoma Msimu wa Korosho

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye ghala moja la korosho Nachingwea. Umeme ulikuwa ukikatika hovyo. Kila ukirudi, makarani wanawasha kompyuta, meza moja inafunguka, nyingine zinagoma kwa ujumbe uleule: nafasi za kuunganishwa na seva zimejaa. Nje wakulima wamepanga magunia, na asiyeandikishwa kabla ya adhuhuri hauzi mnadani wiki hiyo.

Mbele kabisa alikuwepo mama mmoja wa Mkotokuyana. Binti yake alikuwa anatakiwa aripoti sekondari, na ada ilitegemea korosho hizo.

"Mwanangu, leo nitaandikishwa?"

"Utaandikishwa, mama. Vumilia kidogo."

Nilimpigia bosi Dar es Salaam. "Ongeza kikomo," akasema, kama kawaida yake. Nilishakiongeza mara mbili! Kila muunganisho unakula kumbukumbu ya seva, na ile yetu ilishaanza kukokota. Nikakata simu kwa hasira.

Nikaingia kwenye seva kwa nafasi iliyoachwa kwa msimamizi, nikatazama nani ameshika nini. Karibu miunganisho yote ilikuwa imekaa bure, na mingi ilifunguliwa kabla umeme haujakatika. Seva ilikuwa kwenye betri, haikuzimika. Kompyuta za mezani zilizimika ghafla bila kuaga, kwa hiyo seva iliendelea kuzishikia nafasi.

Lakini mbona zijae upesi hivyo? Nikafungua mipangilio ya programu, nikatukana kwa sauti. Waliotuuzia walikuwa wameiwekea kila meza akiba ya miunganisho kumi, iliyofunguliwa muda wote. Karani mmoja, gunia moja, miunganisho kumi! Meza zetu na za ghala la Ruangwa, lililotumia seva yetu, peke yake zilikaribia kikomo. Umeme ukikatika mara moja, tumekwisha.

Nikaikata miunganisho iliyokufa, meza zikafunguka. Kabla mama hajafika kwenye mzani, umeme ukakatika tena. Nilitaka kulia.

Sasa ikabidi nirekebishe kweli. Nikaipangia seva ikague kila baada ya muda mfupi kama aliye kimya bado yupo, imfute asiyejibu. Nikazunguka meza kwa meza kupunguza akiba: mmoja uwe wazi, isizidi miwili, wa ziada usiotumika ufungwe. Karani wa Ruangwa nilimwelekeza kwa simu, herufi baada ya herufi, naye akawa anafuta mstari usiohusika.

Umeme ulikatika mara nyingine, ukarudi. Meza zote zikafunguka papo hapo. Makarani wakapiga makofi.

"Mama wa Mkotokuyana aje!" karani akaita.

Mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akasogea. "Kachoka kusubiri. Kauza kangomba, kwa bakuli bila mnada, kwa mlanguzi mmoja mwenye pikapu hapo nje."

Nikachungulia dirishani. Bakuli la mwisho lilikuwa limeshapimwa kwa bei ya kutupa, na mama alikuwa ameinama, anakunja magunia yake matupu.