Ujumbe Nilioulainisha

Duka langu la agroveti, la dawa na chakula cha mifugo, liko Molo, karibu na mahali malori ya viazi yanapopakiwa, na kwa miaka mingi nimeuza chakula cha ng'ombe kwa njia mbili. Mwenye uwezo anabeba gunia zima. Wengine wananunua kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, ninalochotea kwenye pipa la bluu kando ya mlango. Pipa likipungua nafungua gunia jipya na kumimina juu ya kilichobaki. Sijawahi kulimaliza hadi chini kwanza. Nani ana muda huo? Agroveti zote ninazozijua hufanya hivyo, na mtu akiniuliza kuhusu usafi wa pipa langu nilikuwa namjibu vibaya.

Jumanne moja asubuhi alinipigia mtu wa kampuni ya Nakuru inayotuletea chakula hicho. Kwa kawaida huanza kwa kunitania kuhusu baridi ya Molo. Siku hiyo alinisomea namba ya bechi, yaani ya chakula kilichochanganywa pamoja siku moja, akaniambia nisiuze hata kilo. Urea, ile ile ya mbolea, ilikuwa imepimwa vibaya kiwandani, ikajikusanya madonge hapa na pale. Urea kidogo, ikichanganyika sawasawa, humfaa ng'ombe. Ikizidi inamuua kwa saa chache. Akanipa maagizo: nitoe magunia yote ya bechi hiyo kwenye rafu, niwaarifu wote walionunua tangu Ijumaa, warudishe chakula, hata kama gunia limefunguliwa, pamoja na lebo yenye namba. Lori lingekuja Alhamisi kuchukua kila kitu, na kila mmoja angebadilishiwa. Ng'ombe aliyekwisha kula akianza kutetemeka, kutoka povu na kuvimba tumbo, daktari aitwe papo hapo, na akichelewa, anyweshwe siki iliyochanganywa na maji baridi.

Nilizitazama lebo za magunia yaliyobaki. Yote yalikuwa ya bechi hiyo. Kisha nikaligeukia pipa. Jumamosi nilikuwa nimemimina magunia mawili humo.

Wa magunia niliwapigia mmoja mmoja, maana namba zao ziko kwenye malipo ya simu. Majibu yao yalikuwa kichekesho, kama ningekuwa na moyo wa kucheka. Huku kwetu gunia halikai na chakula cha ng'ombe. Uzi wa mdomoni unavutwa, lebo inadondoka, chakula kinahamishiwa kwenye ndoo, na gunia linaenda shambani kujazwa viazi.

"Lebo gani?" mwanamume mmoja aliniuliza. "Hiyo tuliwashia jiko."

"Basi usilishe kabisa. Lete chochote ulichonunua kwangu tangu Ijumaa, hata kama ni kwa ndoo."

"Na gunia? Iko na viazi, mathe."

"Kaa na gunia!" nilimfokea. "Niletee chakula!"

Mwenye duka wa Olenguruone aliyechukua magunia kumi aliyakuta bado yameshonwa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wateja. Lakini wa gorogoro walikuwa wengi kuliko wote, na hulipa kwa sarafu, si kwa simu. Kwenye simu nilikuwa na orodha ya namba zao, ile ninayotumia kuwaambia mzigo umefika. Nani kati yao alinunua tangu Jumamosi, sikujua. Mtu wa kukusanya maziwa, ambaye angeweza kupiga mbiu kila kituo cha maziwa, alikuwa amemaliza mzunguko wake hadi kesho alfajiri. Ikabaki ujumbe wa simu.

Hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa. Niliandika "chakula hiki kinaweza kuua ng'ombe", nikaufuta. Akilini niliona watu wakiniepuka, wakivuka barabara kwenda duka la jirani yangu. Niliogopa, na nilijiambia kwamba natafuta tu maneno ya adabu. Nikatuma huu:

"Wateja wetu wapendwa, kampuni imegundua hitilafu ndogo kwenye chakula cha ng'ombe mlichonunua hivi karibuni. Tafadhali kirudisheni dukani kabla ya Alhamisi mbadilishiwe. Samahani kwa usumbufu."

Hitilafu ndogo. Hata sasa nikiyakumbuka maneno hayo nataka kuyatafuna.

Mchana wote waliingia na vikopo, na vifuko vya karatasi, na sufuria iliyofunikwa kitambaa. Nilimimina kila kitu kwenye magunia ya kurudishwa na kuandika kwenye fomu ya kampuni: jina, kiasi, namba ya bechi. Pale pa bechi niliandika "pipa". Mmoja alileta chakula cha duka jingine akitumaini kubadilishiwa kipya, nikamfukuza kwa ulimi usio wa Kikristo. Kila aliyeingia nilimwuliza kwanza kama ng'ombe wake yu mzima. Wote walikuwa wazima. Kufikia jioni nilianza kujidanganya kwamba tumepona.

Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nafungua mlango, alikuwa akinisubiri bibi kikongwe mmoja wa juu kabisa, kwenye matuta yanayopakana na msitu. Alikuwa mteja wa gorogoro moja kila wiki, tangu ng'ombe wake alipokuwa ndama. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi juu. Alinikabidhi mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi.

"Ni kilo moja tu imebaki," alisema. "Utakubali?"

"Nakubali, shosho. Ng'ombe yuko aje?"

Alikaa kwenye mfuko wa chumvi ya mifugo, akaanza kukunja leso yake.

"Message niliona jana. Ilisema nirudishe kabla ya Alhamisi, nikaona niko na siku. Nikasema acha nimpe ile ya kula akikamuliwa jioni, asikose, ako na mimba. Kabla giza iingie alikuwa ameanguka. Alitetemeka sana. Nilidhani ni baridi. Nikamfunika na blanketi yangu, akafa chini yake."

Niliketi chini sakafuni mbele yake. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakimnunulia unga na dawa zake za presha. Alishawahi kuniambia hivyo, akicheka, kwamba ng'ombe huyo ndiye mume aliyebaki. Kwa aibu yangu nikamwambia ukweli: kwamba nilijua tangu asubuhi ya jana chakula kile kinaua, na nikaandika hitilafu ndogo.

Nilingoja anitukane, na ningemshukuru.

"Jirani yangu wa chini naye alinunua Jumamosi," alisema. "Pia yeye hajarudisha. Anasema hawezi shuka Molo kwa sababu ya kitu ndogo. Na yeye hukamua saa tatu, maziwa ni ya nyumbani tu."

Saa yangu ilionyesha saa mbili na nusu. Nikachukua simu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MSILISHE CHAKULA MLICHONUNUA KWANGU TANGU IJUMAA. KINAUA. NG'OMBE MMOJA AMEKUFA JANA. NG'OMBE AKIWA AMEKULA, ITENI DAKTARI SASA HIVI.

Nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Watasema ni maneno ya duka," alisema. "Weka jina yangu. Andika ni ng'ombe yangu. Huko juu wote wanamjua."

Nikaliandika jina lake, nikatuma. Simu ikaanza kulia kabla sijaiweka mezani, na aliyenyoosha mkono kuipokea alikuwa yeye.