Faili Lililotajwa kwa Kosa

Siku hizo nilikuwa fundi wa kompyuta wa kuitwa huku na huku Tunduma, na kichwani nilishafungua duka langu lenye kioo mbele. Asubuhi moja nikaitwa kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Programu yao ya nyaraka za mizigo ilikuwa inajifunga kila wakitaka kuchapisha, na madereva walijaa barazani.

Mwenye ofisi, Hajji mmoja mtu wa Tanga, alinivuta pembeni. Akamwonyesha kwa kidevu dada wa mezani, mzaliwa wa Ndalambo.

"Huyo ndiye aliyeweka printa mpya. Nasikia ana shangazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa wakala mwenzangu anayeniibia wateja. Ukinithibitishia kwamba ameniharibia makusudi, leo anarudi kwao."

Dada alikuwa akifuta meza iliyokwisha kufutwa. Roho iliniuma, lakini nami nikajikuta namtazama mikono, kana kwamba ndiyo iliyoharibu.

Nilifungua kumbukumbu ya matukio, ambamo kompyuta huandika kila programu inapoanguka. Palikuwa pameandikwa jina la programu, kisha *faulting module*: faili moja la printa, lile ambalo mafundi huliita dereva. Hajji alikuwa begani kwangu.

"*Fault* si kosa? Kiingereza cha Wazambia nakijua mimi. Printa yake hiyo, mwizi huyo!" Sauti yake ikafika hadi barazani.

"Hajji, hapa limetajwa faili ambamo programu imeangukia. Mtu akianguka mlangoni kwako, si lazima wewe ndiye umemsukuma."

"Na si lazima uwe hukumsukuma."

Dereva mmoja akachungulia. "Fundi, dereva wa printa naye amekwama mpakani?" Wenzake wakacheka. Dada hakucheka.

Chini ya jina kulikuwa na namba ya hitilafu, inaishia na sita. Ningekuta tano, ningeishuku programu au faili lenyewe. Sita husema kwamba kompyuta ilikwenda kusoma kipande cha faili, ikashindwa kukipata. Nikafungua kumbukumbu ya mfumo: dakika ileile, diski ilikuwa imelalamika kwamba ina sehemu mbovu.

Hajji alinikazia macho. "Umepatana naye?"

Basi nikamwacha aone mwenyewe. Tuliweka programu ileile na printa ileile kwenye kompyuta yake ya mkononi, karatasi ikatoka. Kisha nikamwambia ajaribu kunakili lile faili kutoka kompyuta mbovu hadi kwenye flashi. Mstari ukatambaa, ukasimama, kompyuta ikasema haiwezi kusoma diski.

Akajaribu tena. Ikakataa tena.

"Tuokoe nyaraka kwanza," nikasema, "halafu diski ibadilishwe."

Hajji akakohoa. "Binti, haya, endelea na kazi."

Dada akabaki amesimama, kitambaa mkononi. Akasema taratibu, kwa ile lafudhi ya Kinamwanga inayopanda mwishoni: "Shikamoo Hajji. Uliniita mwizi mbele ya madereva. Na wao bado wapo hapo."

Hajji aligeukia barazani. Kisha akavaa kofia yake vizuri, akatoka kwenda kuwaambia.